Kuni za bani: zinaishia wapi, na zipunguzwe vipi

Tuchukue bani moja, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku ya mvuke kwa joto la tanuri la kuni. Limepakiwa majani mabichi kilo 1,800, na yakishakaushwa yatatoa kama kilo 300. Tofauti yake, kilo 1,500, ni maji yaliyogeuka mvuke. Kuvukiza maji hayo peke yake kunahitaji joto la kuni kavu zisizofika hata kilo 300. Lakini bani la zamani lenye tanuri la wazi na kuta zinazovuja hula kilo 10 za kuni kwa kila kilo ya tumbaku kavu, yaani kilo 3,000 kwa mkausho mmoja. Hakuna bani litakalofikia kiwango cha hesabu tupu, ila mabani yaliyoboreshwa hutumia kilo 4 au 5, na hilo si jambo la ajabu.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuni. Ni kweli kuni zikauke. Zikiwa mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kilo 3,000 za kuni mbichi huingiza tanurini maji sawa na yale ya majani yote bani zima. Moto wake hufuka moshi, hushindwa kupanda, na mkaushaji hulazimika kuacha mlango wazi ili uwake. Pasueni magogo yawe na unene wa mkono, myapange juu ya vigingi chini ya paa miezi kadhaa kabla ya msimu. Pimeni kipande kimoja kikiwa kibichi, mkiwekee alama: kama nusu yake ilikuwa maji, cha kilo 1 kiko tayari kikifika gramu 625 hivi.

Hapo kuna mtego. Mkilinganisha kilo za kuni mbichi za mwaka jana na kilo za kuni kavu za mwaka huu, mtaona mmeokoa sana, kumbe sehemu kubwa ya tofauti ni maji yaliyoondoka kwenye mizani. Joto linaloongezeka kutoka gogo lilelile ni kama sehemu moja kwa kumi, pamoja na faida ya moto safi. Kwa hiyo linganisheni kuni za ukavu mmoja. Upotevu mkubwa uko kwenye bani lenyewe.

Kabla ya kupakia, mtu aingie ndani mchana, mlango ufungwe. Kila mahali panapopenya mwanga, joto litatokea hapo. Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi, hasa kwenye kona na pale ukuta unapokutana na paa. Kisha washeni moto wa moshi tanurini bani likiwa tupu: moshi ukionekana ndani, bomba linalopitisha moshi wa tanuri ndani ya bani hadi kwenye dohani limetoboka. Bomba hilo lizibwe au libadilishwe kabla ya kupakia, kwa sababu moshi huharibu harufu ya jani, na hewa yake ya sumu huua anayeingia kukagua. Masizi yakokolewe baada ya kila mkausho, maana bomba lenye masizi hulipeleka joto kwenye dohani badala ya kulitoa ndani. Ndimi za moto zikitokea juu ya dohani, hewa inavutwa kupita kiasi: punguzeni tundu la hewa kwenye mlango wa tanuri. Dohani lenyewe msilizibe kabisa.

Sasa matundu ya hewa ya bani, na hapa ndipo ningeweka macho zaidi. Wakati wa kugeuza rangi, nyuzi 32 hadi 38 hivi, hufunguliwa kidogo sana. Jani linapokauka, joto likipanda polepole kuelekea 55, hufunguliwa vizuri, kwa kuwa ndipo maji mengi yanapotoka. Mkibana wakati huo, jani hugeuka kahawia. Kosa la gharama huja mwishoni, kwenye kukausha mshipa wa kati. Joto liko karibu nyuzi 70, maji yaliyobaki ni machache, lakini matundu yamesahaulika wazi kama jana yake. Hewa ya moto inatoka ikiwa karibu kavu, na mkaushaji anaongeza kuni ili kipimajoto kisishuke.

Jani likishakuwa jepesi na kusagika, huku mshipa ukiwa bado unapinda, anzeni kufunga kidogo kidogo kila baada ya saa chache hadi ubaki upenyo mdogo. Madoa ya kahawia yakitokea karibu na mshipa, mmefunga mapema, fungueni tena. Mshipa ukivunjika kwa mlio, moto ukome. Kagueni fito zilizotundikwa majani, za juu na za kwenye kona, maana za chini hukauka kwanza na huwadanganya watu.

Jambo la mwisho ni upakiaji. Bani likijazwa nusu, kuta na paa hupoteza joto lilelile, na mzigo wa kuni hubebwa na tumbaku nusu. Majani mabivu na mabichi yakichanganywa, yaliyochelewa ndiyo yanayoamua siku za moto. Chumeni yaliyokomaa sawa, na yasipotosha kujaza bani, ni afadhali majirani wawili wapakie pamoja, kila mmoja na fito zake zenye alama.