Kabla ya kuandika picha ya kiuno: kumpima mgonjwa aliyeishiwa nguvu za miguu

Mgonjwa akisema miguu imekosa nguvu, wengi wetu mkono unaenda wenyewe kuandika eksirei ya kiuno. Mara nyingi hiyo siyo picha anayoihitaji. Neva kuu inayoshuka ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa hiyo, kama tatizo limeibana neva hiyo, ubaya uko juu ya hapo, na upimaji wa kitandani utakuonyesha hivyo kabla hujaandika fomu.

Anza na chumba. Mwezi wa saba hapa Moshi asubuhi ni baridi, na mzee anayetetemeka hawezi kulegeza misuli. Funga dirisha, mfunike blanketi juu, miguu ibaki wazi hadi mapajani, soksi zivuliwe. Andaa tochi, pamba, kijiti cha meno kipya cha kuchomea kidogo (sindano ya dawa hapana, inatoboa ngozi), na nyundo yenye kichwa kizito. Nyundo nyepesi za plastiki zinafanya refleksi ionekane haipo, nawe unabaki unamlaumu mgonjwa.

Mkazo wa misuli upime kabla hujaanza kugonga, mgonjwa akiwa bado hajajikaza. Msalimie, "Shikamoo mzee," muulize habari za migomba, na huku mnaongea pitisha mikono nyuma ya goti lake ulinyanyue kwa ghafla. Kwa mtu wa kawaida kisigino huburuzika kwenye shuka. Kikinyanyuka pamoja na goti, mkazo umezidi. Rudia polepole: ukakamavu unaotokana na njia za neva kutoka ubongoni huonekana zaidi ukifanya haraka, na hupungua ukifanya taratibu.

Halafu refleksi. Acha nyundo ianguke kwa uzito wake, kisha linganisha kulia na kushoto papo hapo. Alama ni 0 hadi 4, na 2 ndiyo ya kawaida. Usiandike 0 kabla hujamwambia afunganishe vidole vya mikono na avute kwa nguvu huku ukigonga goti. Mara nyingi refleksi iliyojificha hutokea. Goti linaloruka sana pande zote mbili kwa mtu mwenye wasiwasi, peke yake, si ugonjwa.

Kinachoamua ni unyayo. Kwaruza ukingo wa nje kuanzia kisigino kuelekea kidole kidogo, ukate kuelekea kidole gumba, na uangalie mwendo wa kwanza tu wa hicho gumba. Kikienda juu kwa mtu mzima, njia ya kutoka ubongoni imeguswa. Wakulima wetu wengi wana nyayo ngumu zisizohisi kijiti. Hapo kwaruza ubavu wa nje wa mguu, chini ya kifundo.

Neva za fuvu hazikuchukui muda: mboni na tochi, macho yafuate kidole, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, atoe ulimi. Nisichokiruka ni taya. Mwambie alegeze kinywa, weka kidole kidevuni, ukigonge taratibu. Taya likiruka sana, tafuta tatizo kichwani; likitulia, huenda tatizo liko chini zaidi.

Sasa chukua mzee wa Kibosho ambaye miguu imekuwa ikikakamaa kwa miezi, amekonda, usiku anatoka jasho. Uso na taya viko sawa. Mikono ina 2. Magoti yana 3, vifundo vinatikisika mfululizo ukivisukuma juu, vidole gumba vyote vinapanda. Ukimchoma kidogo kwa kijiti kuanzia mguuni kwenda juu, uchungu wa kawaida unaanza kitovuni. Mikono iko salama, kwa hiyo ubaya uko chini ya shingo. Magoti yanaruka, kwa hiyo hauko kiunoni. Kitovu kinakuelekeza kwenye neva ya kumi ya kifua, ila mbano wenyewe unaweza kuwa hatua kadhaa juu zaidi. Mgeuze, gonga pingili moja moja. Ukikuta moja imetokeza na inauma, kifua kikuu cha mifupa kinakuwa cha kwanza kufikiriwa.

Tahadhari moja: kama neva imeumia ghafla, siku za mwanzo miguu inaweza kulegea kabisa bila refleksi yoyote, na ukadhani ni ugonjwa wa neva za pembeni. Hapo mpaka wa hisia na kibofu ndivyo vitakavyokusaidia.

Kwenye fomu ya mzee huyu andika pingili za kifua zote, na kama eksirei haionyeshi kitu, MRI, kwa kuwa mapema eksirei huweza kuwa safi. Muulize mkojo unatokaje. Kama umefunga, weka mpira na rufaa iwe leo hiihii.