Kolonoskopia kwa anayefunga choo: jinsi ya kusafisha utumbo mpaka kamera ione

Mvuvi mmoja wa Malindi, miaka 52, alikuwa amefunga choo miezi sita, na damu ikitoka. Alishatumia dawa za bawasiri. Bawasiri alikuwa nayo kweli, na hapo ndipo wengi hupotea: bawasiri haizuii kitu kingine kuwa juu yake. Choo kikibadilika utu uzimani na damu ikaandamana nacho, sababu hutafutwa. Kamera ya kolonoskopia hupitia njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, ikitafuta vinyama vinavyoota ukutani mwake, saratani, vidonda na mahali palipobana.

Mara ya kwanza tulimrudisha. Lita 4 za dawa ya kusafisha utumbo alizimaliza zote jioni, akalala. Asubuhi utumbo wa upande wa kulia ulikuwa na uji wa kahawia, maana utumbo mwembamba huendelea kumwaga usiku kucha. Kinyama bapa hakionekani humo. Mara ya pili tulikwenda hivi.

1. Wiki moja kabla, acha vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Hufanya choo cheusi kinachonata. Dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda usiziguse kabla ya kumuuliza daktari.

2. Siku tatu kabla, kula wali mweupe, samaki, mayai. Maharagwe, mchicha, mapera na pasheni weka kando. Mbegu huziba mrija wa kamera unaonyonya uchafu. Kwa kuwa choo chake kilikuwa kigumu, daktari alimwongezea dawa ya kulainisha siku hizo. Haluli ya dukani haichukui nafasi yake.

3. Siku ya kuamkia kipimo, usile. Kunywa chai ya mkandaa, madafu yaliyochujwa, supu iliyochujwa. Vinywaji vyekundu hapana. Kwenye kamera hufanana na damu.

4. Saa kumi na mbili jioni, anza lita 2 za dawa: glasi moja kila dakika 15. Ikiwa baridi hunyweka vizuri zaidi.

5. Kipimo kikiwa saa tatu asubuhi, anza lita 2 zilizobaki saa kumi alfajiri, umalize saa kumi na mbili. Baada ya hapo usinywe kitu. Kwa hiyo lala Mombasa karibu na hospitali. Matatu ya kutoka Malindi haina choo.

Umesafishika ukitoa maji ya manjano unayoweza kuona chini yake, kama mkojo. Yakiwa ya kahawia bado, piga simu kabla ya kuja. Tumbo likijaa na kuuma, unatapika na hata upepo hautoki, acha dawa uende hospitali mara moja: huenda utumbo umeziba.

Njoo na mtu. Dawa ya usingizi hukukataza kuendesha hata pikipiki siku hiyo.

Safari hii utumbo ulikuwa safi. Juu ya bawasiri palikuwa na kinyama cha sentimita 2, kikakatwa hapo hapo kwa kitanzi cha waya. Maabara haikukuta saratani, ila ni aina inayoweza kugeuka polepole, kwa miaka. Tumemwambia arudi baada ya miaka 3.