Jinsi ya kujumlisha na kuzidisha katika kizio cha tano bila kupitia kizio cha kumi

Kizio cha tano kina tarakimu 0, 1, 2, 3 na 4 tu. Namba zote hapa chini ni za kizio hicho. 10 isomeke "moja-sifuri" na 12 "moja-mbili", kwani ukishasema "kumi na mbili" akili inarudi kwenye kizio cha kumi bila wewe kujua.

Hatua ya 1: Jumlisha kwa kukamilisha 10. Chukua 4 + 3. Nne imepungukiwa na 1 kufika 10, basi iazime kwa ile 3. Zinabaki 2, jibu ni 12. Sasa fanya 243 + 134. Kulia, 3 + 4 ni 12: andika 2, 1 mkononi. Katikati, 4 + 3 ni 12, na ile ya mkononi inakuwa 13: andika 3, 1 mkononi. Kushoto, 2 + 1 + 1 ni 4. Jibu: 432. Ukijikuta umeandika 5 au zaidi mahali popote, hapo ndipo ulipokosea.

Hatua ya 2: Kariri jedwali. Ukiacha kuzidisha kwa 0 na 1, ni mistari sita tu:

```
2 × 2 = 4     3 × 3 = 14
2 × 3 = 11    3 × 4 = 22
2 × 4 = 13    4 × 4 = 31
```

Hatua ya 3: Zidisha. Tufanye 243 × 34, tukianza na 4. 4 × 3 ni 22: andika 2, 2 mkononi. 4 × 4 ni 31, ongeza 2 ni 33: andika 3, 3 mkononi. 4 × 2 ni 13, ongeza 3 ni 21. Mstari wa kwanza ni 2132. Kwa 3 unapata 1334, unaiwekea sifuri mwishoni kwa sababu ile 3 iko nafasi ya pili.

```
   2132
+ 13340
-------
  21022
```

Hatua ya 4: Hakiki. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. 243 inatoa 14, kisha 10, kisha 1. 34 inatoa 12, kisha 3. Jibu linapaswa kutoa 1 × 3, yaani 3. Na kweli 21022 inatoa 12, kisha 3.

Uhakiki huu una tundu moja baya: haushtuki ukisahau ile sifuri ya mstari wa pili. Ungepata 4021, ambayo nayo inatoa 3. Kwa hiyo kadiria pia ukubwa: 200 × 30 ni 11000, basi jibu la 243 × 34 haliwezi kuwa chini ya hapo.