Ankara ipi ipite, ipi isubiri jicho la mtu

Naweka mifumo ya kusoma ankara kwa wachakataji wa samaki hapa Mwanza, na kila mara naulizwa: "Tuweke kizingiti asilimia ngapi?", yaani alama ya uhakika ambayo mashine ikiifikisha, ankara ipite bila mtu kuiangalia. Mashine ikikupa alama ya 0.95 haina maana itakuwa sahihi mara 95 kwa 100. Kila programu ina mizani yake, kwa hiyo pima kwa karatasi zako mwenyewe.

Hatua ya 1. Chukua ankara 200 ambazo mhasibu alishaziingiza na kuzihakiki. Usichague zilizo safi tu; changanya na zilizokunjwa mfukoni mwa dereva na zenye magamba ya sangara. Zipitishe kwenye mashine, kisha kwa kila kisanduku andika alama yake na kama kimesomwa sawasawa.

Hatua ya 2. Panga kisanduku cha jumla kuanzia alama kubwa, uteremke ukihesabu makosa. Kwenye kiwanda kimoja, ankara 118 zilikuwa na 0.97 au zaidi, zote sahihi. Kushuka hadi 0.90 kuliongeza 41, na 3 kati ya hizo zilikosewa. Jumla ni hela inayotoka, tukasimama 0.97. Namba ya TIN tuliiwekea kizingiti cha chini, kwa sababu inalinganishwa na orodha ya wauzaji tuliyo nayo.

Hatua ya 3. Ongeza ukaguzi wa hesabu. Ankara moja ya maboksi ilikuwa 1,000,000, VAT 180,000, jumla 1,180,000. Tarakimu 1 ya pili kwenye jumla iliandikwa kwa mkono, na kofia yake ndefu. Mashine ikasoma 1,780,000 kwa alama ya 0.98. Kizingiti peke yake kingeipitisha.

```
abs(net + vat - total) <= 1
```

Sharti hili lisipotimia, ankara iende foleni ya kuhakikiwa na mtu hata kama alama ni 0.99.

Hatua ya 4. Foleni ipangwe kwa tarehe ya malipo. Mhakiki aone kipande cha picha, lakini kisanduku chenye shaka kiwe kitupu. Mwanzoni tulikuwa tunakijaza kwa kile mashine ilichosoma, na dada wa uhasibu akawa anabonyeza Enter tu. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, kilikuwa kimeshajazwa, nikajua kiko sawa." Siku hizi anaandika mwenyewe, ndipo mfumo unalinganisha.

Hatua ya 5. Kati ya kila ankara 20 zilizopita zenyewe, 1 irushwe foleni bila mhakiki kujua. Kukosa kosa katika 118 hakuthibitishi kwamba makosa hayapo. Kitakwimu, kiwango halisi cha makosa kinaweza kufika kama 2.5%.

Foleni ikijaa, usikimbilie kushusha kizingiti. Angalia kwanza zinatoka kwa nani. Kwetu nyingi zilitoka kwa dereva mmoja aliyezipiga picha kwa simu gizani, pale mwaloni Kirumba. Tulimpa faili la plastiki, tukamwambia alete karatasi yenyewe.