Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuahirisha Masomo kwa Ugonjwa au Ukosefu wa Ada

Wazazi wengi wa Tanga ambao watoto wao wanasoma Dar es Salaam hupokea simu ya kwanza wakati mambo yameshaharibika: mtoto yuko stendi na begi lake, anarudi nyumbani kwa sababu anaumwa au ada imekwama, na chuoni hakuna aliyeandikiwa barua. Ikumbukwe kwamba ugonjwa wenyewe haulindi nafasi ya mwanafunzi. Kinacholinda nafasi hiyo ni barua ya chuo inayokubali ombi lake, na mpaka barua hiyo itoke, kumbukumbu za chuo humwonyesha kama mtoro.

Kabla ya kuandika chochote, pimeni kama kinachohitajika kweli ni kuahirisha masomo. Mwanafunzi aliyehudhuria semesta nzima na kuugua wiki ya mitihani huweza kuomba kuahirisha mitihani peke yake, kisha akaifanya wakati wa mitihani maalumu bila kupoteza mwaka. Nimeona familia zikiomba mwaka mzima kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa wiki chache, na hilo huniuma kila mara.

Tuchukue mfano wa kijana wa Ngamiani, mwaka wa pili, anayegundulika kuwa na kifua kikuu mwezi Aprili, katika wiki ya tano ya semesta ya pili iliyoanza Machi. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi 6, hivyo atamaliza dawa Oktoba, na familia inadhani ataingia mwaka wa tatu pamoja na wenzake mwaka mpya utakapofunguliwa. Sivyo. Kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na zile alizoziacha nusu hazitarudi mpaka Machi inayofuata. Kwa hiyo miezi 6 ya dawa itamgharimu takriban miezi 11 ya masomo. Kwa sababu hiyo ni vema amuulize daktari mapema kama hali yake inamruhusu kuendelea baada ya mapumziko mafupi, na kama haiwezekani, ombi litaje waziwazi semesta atakayorejea, si tarehe ya kumaliza dawa. Aulize pia, na ajibiwe kwa maandishi, kama alama za majaribio aliyokwisha kufanya zitahifadhiwa na kama ada iliyolipwa itahesabiwa atakaporudi.

Kanuni za jumla za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha vizuri kinachotazamwa. Mwanafunzi haruhusiwi kuahirisha baada ya mwaka wa masomo kuanza isipokuwa kwa sababu maalumu, nazo ni maradhi, matatizo makubwa ya kijamii au matatizo makubwa ya ufadhili. Lazima alete ushahidi pamoja na kibali cha maandishi cha mfadhili. Na akitaka kurejea katika mwaka uleule alioachia, asikae nje zaidi ya miaka 2. Vyuo vingine vina muda wao, kwa hiyo kijitabu cha kanuni kisomwe kabla ya kuomba.

Kibali cha mfadhili ndicho husahaulika zaidi. Kwa mwenye mkopo, afisa mikopo wa chuo aarifiwe ili Bodi ya Mikopo ijue kwamba ameahirisha, na mwanafunzi asisaini fedha ya kujikimu ya kipindi ambacho hatakuwepo. Kama mzazi ndiye mlipaji, naye huandika barua. Na pale sababu ni ukosefu wa ada, maneno matupu hayatoshi, bali iambatane na uthibitisho wa kilichotokea, kama vile cheti cha kifo cha aliyekuwa akilipa au barua ya kuachishwa kazi, pamoja na barua ya ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa upande wa ugonjwa, karatasi ya mapumziko ya siku tatu haitoshi. Iombwe taarifa ya daktari yenye mhuri, mathalani kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kama ndipo anapotibiwa, ikitaja lini tatizo lilianza na muda wa matibabu, kisha ipelekwe kwenye kituo cha afya cha chuo ikathibitishwe. Ombi lipitie kwa mkuu wa idara, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani.

Kurejea nako kuna barua yake. Kijana wetu, anayetarajiwa Machi, aandike kabla ya Januari kuisha, akiambatanisha barua ya daktari kwamba amepona na nakala ya kibali chake, ili ajisajili dirisha likiwa wazi. Siku hiyohiyo ya usajili apite kwa afisa mikopo kuhakikisha jina lake limepelekwa kama aliyerejea, kwa sababu jina lisipopelekwa, fedha hazitatoka hata kama ameketi darasani.