SOMO: Mauzo yameshuka asilimia 20, mbona faida imeshuka asilimia 70?

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: mauzo yamepungua kidogo tu, mbona faida karibu yote imeondoka? Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Chukua karakana mbili za kuchapa vitabu. Kila moja inauza vitabu 10,000 kwa mwezi, bei 100 kwa kitabu. Karakana A haina mashine, inawapa kazi wenye mashine, kwa hiyo kila kitabu kinaigharimu 70, na gharama zake za kudumu ni 100,000 kwa mwezi. Karakana B ina mashine zake na mafundi wa mshahara. Kitabu kinakula 30 tu ya karatasi, wino na gundi, lakini gharama za kudumu ni 500,000. Zote mbili zinapata faida ya 200,000. Kwa kutazama faida peke yake, huwezi kuzitofautisha.

Hatua ya 1. Orodhesha gharama zote za mwezi.

Hatua ya 2. Tenganisha zinazobadilika na za kudumu. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa hiyo soma taratibu. Swali la kujiuliza kwa kila gharama ni hili: nikiuza kitabu kimoja pungufu mwezi huu, gharama hii itapungua? Karatasi, ndiyo. Pango, hapana. Mshahara wa fundi anayelipwa kwa mwezi, hapana, hata kama yeye ndiye anayeshika kitabu kwa mikono yake. Wengi humweka fundi huyo upande wa gharama zinazobadilika kwa sababu tu yuko kiwandani.

Hatari kubwa zaidi ni ile "gharama ya kitabu kimoja" iliyokwisha andikwa kwenye vitabu vya hesabu. Kwa karakana B itasomeka 80, yaani 30 za malighafi na 50 zilizotokana na kugawa 500,000 kwa vitabu 10,000. Ukiichukua 80 kama gharama inayobadilika, utaamini kwamba mauzo yakishuka hadi 8,000 utabaki na faida ya 160,000. Ukweli ni 60,000, kwa sababu ile 500,000 haikupungua hata senti. Ukikuta tarakimu ya namna hii, ivunje kwanza. Dalili ya kuitambua: gharama ya kitabu kimoja inapanda kila mwezi ambao mauzo ni madogo, ilhali bei za malighafi hazijabadilika.

Hatua ya 3. Toa gharama inayobadilika kwenye bei. Kinachobaki ni mchango. A ni 30, B ni 70.

Hatua ya 4. Gawa gharama za kudumu kwa mchango upate idadi inayorudisha gharama. A ni vitabu 3,334, B ni 7,143. Umbali kati ya hapo na mauzo yako ya sasa ndio ukingo wa usalama. Mauzo ya A yanaweza kushuka karibu asilimia 67 kabla ya hasara. Ya B, chini kidogo ya asilimia 29.

Hatua ya 5. Gawa mchango wote kwa faida upate nguvu ya wenzo. A: 300,000 kwa 200,000 ni 1.5. B: 700,000 kwa 200,000 ni 3.5. Maana yake, idadi inayouzwa ikibadilika kwa asilimia 1, faida ya B hubadilika kwa asilimia 3.5, juu au chini.

Hatua ya 6. Hakiki. Mauzo yakishuka asilimia 20, A inabaki na 140,000 (imepoteza asilimia 30) na B inabaki na 60,000 (imepoteza asilimia 70). Yakipanda asilimia 20, A inafika 260,000 na B 340,000. Pia gawa 1 kwa nguvu ya wenzo: 1 kwa 3.5 ni asilimia 28.6, ukingo uleule wa hatua ya 4. Visipolingana, rudi hatua ya 2.

Msiikariri ile 3.5. B ikishafika vitabu 8,000, nguvu ya wenzo inakuwa 560,000 kwa 60,000, yaani zaidi ya 9. Kushuka kwa asilimia 10 nyingine, hadi 7,200, kunaacha faida ya 4,000 tu. Mshuko wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza lakini umekula karibu kila kilichobaki. Kadiri unavyokaribia hasara ndivyo kila kitabu kisichouzwa kinavyouma zaidi.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona ndefu hivyo, kwa kifupi mashine ni mbaya si ndiyo?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 6, mauzo yakipanda.

Swali: Nimepunguza bei asilimia 10, idadi ileile, wenzo wangu 3.5. Faida haikushuka asilimia 35, imeshuka 50. Fomula yako ina kasoro.

Jibu: Fomula haina kasoro. Nimeandika "idadi inayouzwa", si bei. Ukipunguza bei, gharama ya karatasi haipungui, kwa hiyo punguzo lote linatoka kwenye mchango: 70 inakuwa 60. Karakana A nayo ingepoteza 100,000 ileile, na idadi yake ya kurudisha gharama ingepanda kutoka 3,334 hadi 5,000. Wenzo mdogo haukukingi na vita vya bei.

Swali: Samahani kama ni nje ya somo. Kama B ilinunua mashine kwa mkopo, riba inaingia wapi?

Jibu: Hauko nje kabisa, asante kwa kuuliza. Wenzo huu wa hatua ya 5, uitwao wenzo wa uendeshaji, hupimwa kabla ya riba, ndiyo maana sikuigusa. Lakini kwa mwenye mali riba nayo ni mzigo wa kudumu. Tuseme ni 120,000 kwa mwezi. Faida inabaki 80,000, idadi ya kurudisha gharama inapanda hadi vitabu 8,858, na ukingo unashuka hadi kama asilimia 11. Ile nguvu ya 3.5 sasa ni 8.75. Ndiyo maana mashine nyingi pamoja na deni kubwa ni mchanganyiko wa kuufikiria mara mbili. Pima vyote viwili kando, kisha kwa pamoja.

Swali: Na mwenye bidhaa nyingi?

Jibu: Tumia fedha badala ya idadi. Gawa mchango wote kwa mauzo yote, kisha gawa gharama za kudumu kwa uwiano huo. Angalia tu mchanganyiko: wateja wakihamia bidhaa yenye mchango mdogo, ukingo unapungua hata kama jumla ya mauzo haijasogea.

Swali: B imepata oda ya vitabu 500 kwa bei ya 60. Kwenye vitabu vya hesabu gharama ni 80. Si hasara?

Jibu: Kama mashine zina nafasi, kila kitabu kinaleta 30 ambazo zisingekuwepo, jumla 15,000. Sharti ni mbili: oda isisukume nje kazi ya 100, na wateja wa kawaida wasianze kudai 60. Ikihitaji kukodi mashine nyingine, gharama za kudumu zitaruka ngazi, na inabidi uanze tena hatua ya 1.