Kutamka sura ya kitabu kwa Kiswahili, kisha kuisafisha

Kitabu changu kinahusu maisha ya baba hapa Lubumbashi, na sura zake ninazitamka badala ya kuzichapa. Ninatumia Google Docs ndani ya Chrome. Kinachowasumbua wengi ni vituo: ukisema "point" au "virgule" kwa Kifaransa, programu inaweka alama yenyewe, lakini kwa Kiswahili inaandika neno zima. Basi mimi nalitamka neno hilo makusudi, kisha nalibadilisha baadaye.

1. Tayarisha. Bonyeza Ctrl+Shift+S kwenye kompyuta ili kisanduku cha kutamka kifunguke, uchague Kiswahili juu ya picha ya maikrofoni, kisha ubofye picha hiyo uanze kusema. Weka simu kando ikurekodi sauti; utaihitaji sana hatua ya 4.

2. Tamka vipande vifupi. Dakika tano zinatosha, kwa sababu mtandao ukikatika unapoteza kilichosemwa wakati huo. Kimoja changu kilitoka hivi:

```
baba alirudi mkato akavua viatu nukta aya mpya akasema nukta mbili ninaenda Kenya nukta
```

3. Badilisha maneno kuwa alama. Bonyeza Ctrl+H kufungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Fuata mpangilio huu, na utangulize nafasi moja kabla ya kila neno unalolitafuta, ili alama ishikane na neno la nyuma yake:

```
 nukta mbili       :
 nukta mkato       ;
 alama ya kuuliza  ?
 nukta             .
 mkato             ,
```

Ukianza na "nukta" peke yake, "nukta mbili" itageuka ". mbili" kila mahali. Neno "mkato" libadilishe moja moja kama kitabu chako kinataja ushonaji, maana mkato wa nguo utakuwa koma. Palipo "aya mpya", futa na ubonyeze Enter. Herufi kubwa na alama za kunukuu naziweka kwa mkono.

4. Sikiliza huku ukisoma. Hapa usiwe na haraka. Acha kurasa zilale usiku mmoja, kisha cheza rekodi na ufuate kwa kidole. Sisi wa Katanga tunameza "h", na "hakuenda" yangu ilikwisha kuandikwa "akaenda": neno sahihi, maana kinyume kabisa. Kikagua tahajia hakiwezi kuliona kosa kama hilo. Kwa hiyo kila sentensi yenye kukanusha naisikiliza mara mbili.

Halafu tazama maneno ya watu. Baba alisema "minaenda ku Kenya", yaani mtaa wetu wa Kenya. Programu ilimsahihisha ikaandika "ninaenda Kenya", na msomaji wa mbali angedhani alipanda ndege kwenda Nairobi. Kipande kile sasa kinasomeka hivi:

Baba alirudi, akavua viatu.

Akasema: "Minaenda ku Kenya."

Maneno ya masimulizi nayaacha katika Kiswahili sanifu. Ya baba nayarudisha kama yalivyotoka kinywani mwake.